Kumbukumbu zilizonyooka kuliko mkutano wenyewe

Swali: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mweka hazina wa kikundi cha wakaazi wa jengo letu hapa Tudor, nyumba 24. Kikao cha mwezi uliopita kilikuwa moto. Tulizozana karibu saa nzima juu ya pampu ya kisima na tukaondoka bila kukubaliana. Juzi katibu wetu mpya, kijana mzuri tu, ametuma kumbukumbu kwa WhatsApp. Zimepangika, Kiswahili safi, kila ajenda na azimio lake na mhusika wake. Lakini nikizisoma siuoni mkutano niliokaa. Kwenye pampu ameandika hivi: «Wanachama walijadili kwa kina changamoto ya maji na kusisitiza umuhimu wa ushirikiano. Ilikubaliwa kuwa pampu mpya inunuliwe na kila nyumba ichangie. Mhusika: Kamati. Muda: Wiki mbili.» Wenzangu wasema hiyo ni akili bandia. Nitajuaje? Na kikao kijacho zikiletwa kuthibitishwa, nifanyeje?

Jibu: Marahaba, dada yangu. Nimezisoma kumbukumbu zote mbili, zile za katibu na zile ulizojiandikia mwenyewe kwenye daftari la hazina. Kwa maoni yangu za katibu zimetungwa na mashine, ila sababu wanazotoa wenzako hazitoshi. Kiswahili safi si ushahidi wa kitu, na kupangika si kosa. Hapa Mombasa wapo makatibu wastaafu wa serikali wanaoandika kwa unadhifu wa kukutia wivu, na hawajawahi kuigusa hiyo programu.

Hata kule kuacha yaliyosemwa, peke yake, si dalili. Kumbukumbu za mkutano si Hansard. Bungeni kila neno huandikwa kwa sababu kuna watu walioajiriwa kwa kazi hiyo, lakini kikundi cha jengo huandika yaliyoamuliwa na yaliyokwama, basi. Katibu aliyefunzwa huacha maneno mengi kwa makusudi. Kwa hivyo tazama ni nini kilichoachwa, halafu utazame ni nini kilichowekwa mahali pake.

Nimechukua maelezo ya daftari lako nikayaandika vile ambavyo katibu wa zamani, mkavu kabisa, angeyaandika:

«MIN 4: Pampu ya kisima. Bei tatu zilisomwa, ya chini shilingi 85,000. Mweka hazina alieleza kuwa akaunti ina shilingi 61,000. Nyumba B3 ilitoa hoja kila nyumba ilipe 1,000 kufidia pengo, C1 ikaunga mkono. Nyumba sita za chini zilipinga, zikisema maji ya mfereji yanazifikia bila pampu. Hoja haikupigiwa kura. Mwenyekiti aliahirisha.»

Hakuna hata kelele moja ya mkutano wenu hapo. Yule mzee aliyesimama akasema «mie nshatoa mara ya kwanza, sitoi tena» hayumo, na aliyemjibu vibaya hayumo. Hata hivyo ugomvi mzima umo, kwa kuwa zimo pesa, wamo watu na limo pingamizi. Mtu ambaye hakuhudhuria akisoma atajua kilichotokea, na atajua pia kwamba pampu haijaamuliwa.

Sasa rudi kwenye zile sentensi za katibu wako. Hakuna bei, hakuna salio, hakuna aliyetoa hoja wala aliyepinga. Hayo mtu mvivu pia anaweza kuyaruka. Kilichonishtua mimi ni neno «ilikubaliwa». Mtu mvivu akichoka huandika pungufu, lakini ni nadra atunge mapatano ambayo hayakuwako, tena kwenye jambo lililomtoa jasho kila mtu. Mashine hufanya hivyo bila nia mbaya yoyote. Imesoma kumbukumbu nyingi mno ambazo kila ajenda inaishia na azimio, mhusika na muda. Ukiiambia ikuandikie kumbukumbu na usiiambie kwamba mlishindwa kuamua, itajaza nafasi ya azimio kwa lile linaloelekea zaidi. Kikundi kinazungumzia pampu mbovu, basi bila shaka walikubaliana kununua nyingine. Ni dhana ya busara, ila haikutokea.

Ndiyo maana nikipewa kumbukumbu ninazozitilia shaka huanzia mwisho, kwenye jedwali la maazimio, wala siangalii mtindo wa lugha. Ninatafuta «haikuamuliwa», «iliahirishwa», «hakuna aliyejitolea». Mikutano ya watu ina vitu hivyo tele. Kikao cha ajenda sita kilichotoa maazimio sita, kila moja na mhusika wake, bila kubakisha hata kiporo kimoja, mimi sikiamini mpaka nione daftari la rafu. Tazama pia nani aliyepewa kazi. Kwenye kumbukumbu zenu mhusika ni «Kamati» mara nne, «Wanachama wote» mara moja na «Katibu» mara moja. Hakuna jina la mtu hata moja. Mashine haikujua majina, na haikutaka kuacha wazi.

Kuna njia mbili ambazo kumbukumbu za namna hii hupikwa, na inafaa uzitenganishe kwa sababu kila moja huacha alama zake. Ya kwanza ni katibu kurekodi kikao kwa simu, halafu programu igeuze sauti kuwa maandishi na programu nyingine ifupishe. Simu imelala juu ya meza ya plastiki, feni inavuma, bodaboda zinapita nje, watu watatu wanasema kwa mpigo, na kila mmoja anachanganya Kiswahili, Kimvita na Kiingereza. Programu hizi hujikwaa sana hapo. Mbaya zaidi, kwenye kimya au kelele zinaweza kuandika sentensi ambayo hakuna aliyeisema. Watafiti walioipima programu ya Whisper, matokeo yao yakatoka mwaka 2024, waliona maneno ya kubuni katika takriban asilimia 1 ya vipande vya sauti, na hizo zilikuwa rekodi za Kiingereza. Kumbukumbu zilizopitia njia hii utazijua kwa majina yaliyoharibika, mzaha ulioandikwa kama pendekezo rasmi, au wasemaji walioitwa `Speaker 2` na `Speaker 5` pale katibu aliposahau kusafisha.

Zenu hazina alama hizo. Hakuna sauti ya mtu yeyote ndani yake, hata iliyosikika vibaya. Nadhani katibu wako amepitia njia ya pili. Alichukua ajenda, labda na mistari michache aliyoikumbuka, akaitia kwenye programu na kuagiza kumbukumbu. Ushahidi umo kwenye picha ya ajenda uliyonitumia. Vichwa vya kumbukumbu ni vilevile vya ule ujumbe wa ajenda wa WhatsApp, neno kwa neno, hata lile kosa la «Ukusanyanji» limenakiliwa. Kisha tazama kichwa cha mwisho, «Mengineyo». Daftari lako lasema kuwa hapo ndipo mama wa nyumba A4 alipouliza kwa nini askari wa lango hajalipwa wiki mbili, na mwenyekiti akaahidi kufuatilia. Kumbukumbu zinasema: «Wanachama walihimizwa kudumisha usafi na usalama.»

Kwangu hiyo ndiyo dalili nzito kuliko zote, nzito hata kuliko lile azimio la pampu. Suala la pampu lilikuwa kwenye ajenda, kwa hivyo aliyesoma ajenda tu angeweza kulibuni. Suala la askari lilizuka kikaoni, likajulikana na waliokuwapo peke yao. Ukitaka kupima kumbukumbu zozote haraka, nenda kwenye yale ambayo hayakupangwa. Tafuta hoja iliyoingia ghafla, swali ambalo halikujibiwa, aliyechelewa na kuomba radhi, kikao kilichosimama kwa adhana ya Magharibi na kurudi wakiwa watu pungufu. Katibu wa kweli anaweza kuacha moja au mawili kati ya hayo, na wengi huacha habari ya adhana kwa kuwa ni kawaida yetu. Yakikosekana yote, na mahali pake pamewekwa nasaha za jumla, basi aliyeandika alikuwa na orodha ya ajenda na hakuwa na mkutano.

Jaribio lingine unaweza kulifanya sasa hivi ukiwa umekaa. Ichukue ile sentensi ya kwanza ya pampu, uondoe «maji» na uweke «taka»: wanachama walijadili kwa kina changamoto ya taka na kusisitiza umuhimu wa ushirikiano. Inasimama. Weka «usalama», inasimama. Weka «karo», upeleke kwenye mkutano wa wazazi wa shule yoyote, bado inasimama. Sentensi inayokaa popote haikutoka popote. Fanya hivyohivyo na ile niliyoiandika juu ya nyumba sita za chini na maji ya mfereji. Ukibadilisha neno moja yavunjika, maana imefungwa na jengo lenu.

Urefu nao unasema kidogo. Pampu iliwachukua karibu saa nzima, na taarifa yako ya hazina, kwa maelezo yako, dakika chache tu. Kwenye kumbukumbu kila moja imepata sentensi mbili. Mkono wa mtu huvimba pale mkutano ulipovimba, hata akijizuia. Lakini hii usiitegemee peke yake, kwa kuwa kuna makatibu wanaotumia fomu yenye visanduku vya ukubwa mmoja, na kisanduku hakijali mlizozana kiasi gani.

Zile nyota mbili mbili zilizobaki kabla na baada ya vichwa, ambazo mwenzako amezishikilia kama ushahidi, zinaonyesha tu kwamba maandishi yamenakiliwa kutoka kwenye programu ambayo hukoleza herufi kwa alama hiyo. Huenda kijana aliandika mwenyewe na kuipa programu imsahihishie tahajia. Na kesho atazifuta, mtabaki bila ushahidi. Vilevile msihangaike na tovuti zinazodai kupima kama maandishi ni ya mashine. Kwa kurasa mbili za Kiswahili mimi sizitegemei hata kidogo, na kumshitaki mtu kwa jibu la tovuti ni kutafuta ugomvi wa pili juu ya ule wa pampu.

Tena kuna uwezekano ambao siwezi kuufuta: kwamba kijana ameandika yote kwa mkono wake. Watu wanasoma sana maandishi ya namna hii siku hizi na wanaanza kuyaiga, wakidhani huo ndio uandishi rasmi. Kwa hivyo usimuulize kama ametumia akili bandia. Akisema ndiyo utakuwa umemwaibisha, akisema siyo huna pa kwenda. Muulize kwa upole, mkiwa wawili, hoja ya kuchangia ilitolewa na nani na ikaungwa mkono na nani. Muulize ilikuwa ya shilingi ngapi. Muulize nyumba za chini zilisema nini. Akifungua daftari akakujibu, basi anayo malighafi na kazi yake ni kuandika upya. Akikujibu kwa kurudi kwenye yaleyale maandishi ya simu, umeshajua, na yeye pia ameshajua.

Jambo la pili ulilouliza ndilo kubwa zaidi kwako wewe mweka hazina, na tulipigie hesabu. Pengo ni 85,000 kutoa 61,000, yaani 24,000. Nyumba zote 24 zikilipa elfu moja moja, pampu inapatikana bila kubaki senti. Nyumba sita za chini zikishikilia msimamo, mtapata 18,000 na mtapungukiwa na 6,000. Sasa kumbukumbu zikishathibitishwa na kutiwa sahihi kama zilivyo, mtu wa kamati anaweza kulipa rubuni dukani akijua azimio lipo. Zile nyumba sita zitaandikiwa deni ambalo hazikulikubali. Na benki au fundi akiuliza nani aliidhinisha pesa kutoka, atakuja kwako, maana wewe ndiye unayeweka sahihi kwenye akaunti. Utamwonyesha kumbukumbu, na kumbukumbu zitasema mlikubaliana. Hapo hakuna atakayejali ziliandikwa na nani.

Kwa hivyo kwenye kikao kijacho pambana na lile azimio, wala usipambane na mashine. Mwenyekiti akishafungua na kumbukumbu zikasomwa, kabla mtu hajapendekeza zithibitishwe, nyosha mkono useme una marekebisho kwenye kipengele cha pampu. Usitoe hotuba. Soma: «Ondoa maneno kuanzia “Ilikubaliwa” hadi “wiki mbili”. Weka: hoja ya kila nyumba kulipa shilingi 1,000 ilitolewa, nyumba sita zilipinga, haikupigiwa kura, iliahirishwa.» Kisha omba mmoja wa waliokuwapo aunge mkono. Ongeza la pili la askari wa lango, kwa mtindo uleule. Marekebisho yakikubaliwa, katibu ayaandike kwa mkono kwenye nakala itakayotiwa sahihi, yeye na mwenyekiti waweke herufi za majina yao kandoni, na yatajwe pia kwenye kumbukumbu za kikao kipya. Asifute ujumbe wa zamani kwenye kundi na kutuma mwingine kimyakimya. Mkiwa na matoleo mawili yasiyo na tarehe, mwaka ujao kila upande utashika la kwake.

Na angalia anayependekeza kuthibitisha awe mtu aliyehudhuria. Nimeona mara nyingi kumbukumbu zikipitishwa na waliokuja siku hiyo tu, kwa haraka ya kutaka kufika kwenye chai. Wengi wakikataa marekebisho yako, usilazimishe, lakini omba pingamizi lako liandikwe kwa jina na nyumba. Hilo litakukinga wewe, hata lisipoizuia pampu.

Kuhusu kijana, msimfukuze. Mpeni utaratibu mmoja: kila ajenda ikiisha, kabla ya kuingia nyingine, asome kwa sauti alichoandika kama uamuzi. Kama hakuna uamuzi asome «hakuna uamuzi», na mwenyekiti aseme sawa. Huchukua nusu dakika, na kelele zote za kurekebisha hutoka palepale wakati kila mtu anakumbuka. Akifika nyumbani na mistari hiyo ameshaiandika kwa kalamu, mimi sina shida akiipa programu impangie vichwa na kumrekebishia tahajia, mradi ailinganishe tena mstari kwa mstari na daftari, na daftari lisitupwe. Akitaka kurekodi, kwanza awaombe ruhusa wanachama wote. Madeni ya watu husomwa kwa majina kwenye vikao hivi, na Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019. Sauti ya jirani yako akieleza kwa nini hajalipa haipaswi kusafiri hadi kwenye kompyuta za kampuni ya ng'ambo bila yeye kujua.

Moja la haraka, usingoje kikao. Kwa kuwa suala la askari halimo kwenye kumbukumbu, halitajitokeza kwenye yatokanayo, na mwenyekiti hatakuwa na pa kuulizwa ahadi yake. Mwandikie katibu leo aliweke kama ajenda inayojitegemea kabla hajatuma mwaliko, pamoja na kiasi anachodai huyo askari. Akiba ile ya 61,000 ni ya pampu peke yake au mshahara wake nao hutoka humo? Daftari lako halikusema, na nyumba za chini zitauliza.